Siku Pampu Ilipovikwa Winda

Kwanza niseme nani walikuwepo, maana habari isiyo na watu wake hainogi. Alikuwepo mama mkwe wangu, mama aliyemzaa mume wangu, mjane. Alikuwepo mume wangu mwenyewe, na dada yake aliyemfuata, ambaye kwangu ni wifi. Alikuwepo mwenyekiti wa kijiji, ndugu yake marehemu baba mkwe, tumbo moja, kwa hiyo kwetu alikuwa baba mdogo kabla hajawa mwenyekiti. Alikuwepo fundi bomba wa reli kutoka Kidete, Mwislamu wa bondeni. Yeye hakuwa ndugu, alikuwa mtani wa ukoo wetu, na mtani mahali pengine anafaa kuliko ndugu, kama mtakavyoona. Halafu alikuja Katibu Tarafa, ambaye hakuwa wa mtu yeyote. Na mimi, mke wa mwana, nina mtoto mgongoni.

Majina yao yote ninayo, hata la mbwa wa mwenyekiti. Lakini wengi wameshatangulia, na sikuwaomba ruhusa. Basi nitawaita kwa undugu, ndivyo tulivyoitana hata wakati ule.

Kijiji chetu kilikuwa juu mgongoni mwa mlima, upande wa Mamboya, mahali penye migomba, maharage na baridi. Chemchemi ilikuwa chini, kwenye korongo. Haikaukagi. Lakini njia ya kutoka chemchemini mpaka nyumbani ilikuwa mlima wa kupanda umeshika magoti, na debe kichwani. Msichana akiolewa pale, hawakumtazama sura, walimtazama debe. Likifika limejaa, amelelewa. Likifika pungufu, utasikia wanawake wanaulizana, "Huyu maji mengine amempa nani njiani?" Tuliweka majani juu ya maji yasirukeruke. Maji ya kunawa uso hayakumwagwa, yalipewa mbuzi. Maji ya kuoshea vyombo yalikwenda kwenye miche ya tumbaku. Mtoto akimwaga kikombe cha maji alichapwa kuliko aliyevunja kikombe. Nayasema haya kwa sababu bila haya hamtamwelewa mama mkwe wangu.

Ulikuwa wakati wa vijiji vya Ujamaa. Watu waliokuwa wamekaa mbalimbali walikusanywa mahali penye barabara, shule na maji. Wenzetu wa vilima vya jirani walikwisha kuteremka. Sisi tulikuwa tumejikusanya wenyewe kule kule juu, nyumba zimepangwa mistari, shamba la pamoja lipo, darasa la nyasi lipo. Kilichokosekana ni maji. Katibu Tarafa alikuja, akatembea, akasifu mistari, kisha akasema mbele ya mkutano, "Ndugu zangu, kijiji bila maji hakiandikishwi. Nitarudi kabla ya mvua za vuli. Nikikuta maji yanatoka bombani hapa juu, mtabaki hapa hapa. Nisipoyakuta, mtateremka bondeni kwenye barabara kama wenzenu, na lori nitaleta mimi mwenyewe."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma bei.

Mama mkwe alirudi nyumbani, akakaa kizingitini. Nyuma ya nyumba yake, kwenye migomba, alikuwa amelala mumewe, na kando ya mumewe watoto wawili waliokwenda kwa surua. Kila asubuhi alipalilia pale kabla ya kupalilia chakula. Akaniambia, "Mwanangu, mimi bondeni sishuki. Wakitaka wanibebe, wanibebe nimenyooka."

Basi yale maji, kwa wengine yalikuwa maendeleo. Kwake yalikuwa yale makaburi.

Mwenyekiti ndiye aliyekumbuka kwamba misheni walikuwa na pampu kuukuu imelala ghalani, pampu isiyotumia mafuta. Walipotuambia, vijana walicheka. Wakaitoa, wakatupa bure, wakasema tu itafutiwe mtu anayeijua. Mabomba yalitoka Kilosa kwa lori mpaka barabara ilipoishia, na kutoka pale yalipanda kwa mabega ya watu. Na mtu anayeijua alikuwa mtani wetu wa Kidete, ambaye kazi yake yote ilikuwa ni kunywesha magarimoshi maji.

Alifika jioni, suruali imekunjwa mpaka magotini, kofia ya kiua kichwani. Mimi nikampigia goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwali. Kwenu ndiyo huku? Nimepanda mpaka nimeona miguu ya malaika."

Mama mkwe akatokea jikoni. "Nani anapiga kelele kwangu? Aa, kumbe mbu wa mto Mkondoa. Leo umepotea?"

"Nimefuata harufu ya viazi, nyani bibi wee. Watu wa mlimani mnakula viazi mpaka masikio yanaota majani."

"Na ninyi bondeni mnanyonywa na mbu mpaka akili inaisha. Karibu ule, usije ukasema watani wako wamekuua na njaa."

Ndivyo walivyoongea hao wawili tangu ujana wao. Sisi wakwe na watoto tulicheka tumeinamisha vichwa, maana kwa mama mkwe hakuna mwingine aliyeweza kusema hivyo akabaki na meno.

Kesho yake tukashuka korongoni. Pampu yenyewe ilikuwa chuma kizito, kiwiliwili kifupi, na juu yake kimesimama chuma kama chupa kubwa isiyo na mdomo. Mume wangu akaizunguka, akainama, akatazama chini yake.

"Mashine iko wapi?" akauliza.

"Hiyo ndiyo mashine."

"Mafuta wanatia wapi?"

"Hainywi."

Mama mkwe akasema, "Mtani, mimi ni mzee lakini si mjinga. Maji hayapandi mlima."

Fundi akakaa juu ya jiwe. "Sikilizeni. Mmeshaona garimoshi la mizigo likishuka mteremko? Yale mabehewa yanakimbia yote pamoja. Sasa la mbele lifunge breki ghafla. Ya nyuma yanafanyaje?"

"Yanaligonga," akasema wifi.

"Yanaligonga kwa nguvu ya ajabu, ingawa hakuna anayeyasukuma. Ni ule mwendo wao wenyewe. Maji ni hivyo hivyo. Yakikimbia ndani ya bomba ukayazuia ghafla, yanapiga. Pampu hii kazi yake ni hiyo tu, kuyaacha yakimbie, kuyazuia, kuyaacha, kuyazuia. Kwa kile kipigo inanyakua maji kidogo na kuyarusha mlimani."

Tukajenga. Pale chemchemi inapotokea tulijenga kisanduku cha saruji cha kukusanyia maji. Kutoka kisandukuni akalaza bomba nene la chuma, limenyooka kama mkuki, kuteremka korongo mpaka chini, urefu wa kwenda chini kama wa migomba miwili iliyosimama mmoja juu ya mwingine. Pale chini akaisimika pampu juu ya jiwe, akaifunga kwa boliti. Mwenyekiti akauliza kwa nini tusiiweke pale pale chemchemini, tuokoe bomba. Fundi akasema, "Baba, garimoshi lililosimama halina kipigo. Lazima maji yapate mteremko wa kukimbilia." Na bomba lile lazima liwe chuma, siyo mpira, kwa sababu mpira unavimba na kukila kile kipigo. Kisha kutoka kwenye pampu likapanda bomba jingine, jembamba, mpaka kijijini kwenye tangi la mawe.

Siku ya kuiwasha tulikuwepo wote. Kando ya ile chupa kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu valvu, yaani mfuniko wa chuma wenye mguu uliochomoza juu, na kichwani mwa mguu kuna kipande cha uzito. Uzito unausukuma mfuniko chini, tundu linafunguka, maji yanatoka nje na kumwagika. Yanavyozidi kukimbia yanaunyanyua mfuniko, tundu linajifunga, ko! Hicho ndicho kile kipigo. Maji yaliyokosa njia yanasukuma valvu ya pili iliyo ndani na kuingia kwenye chupa, ambayo ina hewa. Hewa inabanwa, nayo haipendi kubanwa, inayasukuma maji kwenye bomba jembamba. Hayawezi kurudi nyuma, valvu ya ndani imeshajifunga. Kipigo kikiisha, mfuniko wa nje unaanguka kwa uzito wake, maji yanamwagika tena, yanakimbia tena, ko!

Mwanzoni haikwenda yenyewe. Fundi aliukandamiza ule mguu kwa kiganja, ukaruka juu, akaukandamiza tena, ukaruka, akaendelea mpaka jasho likamtoka, kwa sababu bomba la kupanda lilikuwa tupu, halina uzito wa kuegemea. Lilipoanza kujaa akainua mkono. Ikaendelea yenyewe. Ko. Ko. Ko. Wifi akapiga kigelegele mpaka mtoto wangu akaamka mgongoni.

Tulipanda mbio kijijini. Mdomo wa bomba kwenye tangi ukapumua upepo, ukakohoa, ukatoa maji. Yalikuwa membamba kama kidole changu cha mwisho. Lakini yalikuwa maji, na hakuna mtu aliyeyabeba.

Kabla ya kuondoka fundi alitupa onyo moja. Chini ya chupa kulikuwa na kitundu kidogo sana kama cha sindano, ambacho kila pigo kilitema maji kidogo. "Hiki msikizibe," akasema. "Mtaona kinavuja, mtataka kukiziba kwa sabuni au kwa lami. Hapo ndipo pampu inapovutia pumzi. Maji hula hewa ya kwenye chupa pole pole, na kitundu hiki kinairudisha. Ukikiziba, chupa inajaa maji, inapiga chuma kwa chuma mpaka inapasuka." Tukarudia wote kama shuleni, kitundu hakizibwi. Akashuka Kidete.

Kuhusu yale maji yanayomwagika kwenye valvu kubwa hakutuonya. Nadhani hakufikiri kwamba mtu anaweza kuyaonea uchungu.

Mama mkwe alijipa kazi ya kuilinda pampu. Hakuna aliyemtuma. Asubuhi akishapalilia kwake pale nyuma, alishuka korongoni, akaondoa majani kwenye wavu wa kisanduku, akakaa akiitazama. Na kila alipopanda alipanda na neno.

"Mwanangu, yale maji yanamwagika."

"Ndiyo mama, fundi alisema ndivyo inavyofanya kazi."

"Mwanangu, nimeweka debe pale. Linajaa kabla sijamaliza kukuna mguu. Mengi yanamwagika kuliko yanayopanda. Kama madebe kumi yameteremka, moja ndilo linalofika huku. Tisa yanakwenda na mto. Unasikia? Tisa!"

Mkwe habishiwi. Na kweli tangi lilikuwa linajaa pole pole, kwa sababu kila mtu sasa alikuwa anachota, hata waliokuwa wakioga mara moja kwa juma walianza kunukia. Siku ya Katibu Tarafa ilikuwa inakaribia, na tangi halijawahi kufika hata nusu. Mama mkwe alikuwa anakwenda kuligonga kwa fimbo kusikiliza maji yako wapi. Nililiona lile pigo lake la fimbo likizidi kuwa la wasiwasi kila siku.

Mwenyekiti alituma habari Kidete fundi aje awepo siku ya mgeni. Ikawa jioni ya kuamkia siku hiyo ndipo alipofika. Akala, akatukanana kidogo na mama mkwe kama ilivyo ada, wakalala. Alfajiri niliamka kuwasha moto, nikahisi kuna kitu kimepungua duniani. Sikujua ni nini. Nilisimama na kuni mkononi. Kisha nikajua. Ko haipo. Tulikuwa tumeizoea ile sauti ya kutoka korongoni kama mtu anavyozoea mapigo ya moyo wake.

Nikakimbia kwenye tangi. Kidole cha maji hakikuwepo, mdomo wa bomba umekauka. Na wanawake, kwa ajili ya mgeni, walikuwa wameshachota tangu giza kwa ajili ya wali na chai na kufagilia uwanja. Ukifungua koki ya chini, inatoa matone kama mtoto mwenye mafua.

Nikamwamsha mume wangu. Mume wangu akamwamsha fundi, wifi akamkimbilia mwenyekiti. Mama mkwe alikuwa ameshatoka nje, amejifunga kanga vizuri, uso umetulia, hata nikashangaa. "Kelele za nini?" akauliza. "Nenda ukatazame tangi, sasa hivi litakuwa linafurika."

"Mama, tangi ni tupu," akasema mume wangu. "Pampu imekufa."

Niliuona uso wa mama mkwe unavyobadilika. Akatangulia korongoni mbele yetu sote, na kwa umri wake hakuwa mtu wa kututangulia.

Kufika kwenye chemchemi, fundi akasimama. Kisanduku kilikuwa kimefurika, maji yanapita juu ya ukingo wake na kushuka korongo kwa njia yake ya zamani. "Chemchemi nzima," akasema. "Bomba limejaa. Basi ni chini kule." Tukashuka.

Pampu ilikuwa kimya, imekauka pembeni, hata tone halidondoki. Na juu ya valvu, chini ya kile kipande cha uzito, kulikuwa kumepachikwa gunzi la hindi, limekazwa, likazungushwa utepe wa kanga na kufungwa mafundo mawili. Mfuniko umebaki juu, hauwezi kuanguka. Tundu limezibwa.

Utepe ule ulikuwa wa zambarau wenye madoa meupe. Mimi ndiye niliyekuwa nikifua kanga ile. Nilijua ilikuwa imeraruliwa pindo, niliiona jana yake kwenye kamba, nikadhani ni mbuzi. Wifi naye aliijua, maana alinitazama, kisha wote wawili tukatazama miguu yetu. Mume wangu aliijua pia. Alikuwa mwana wa mwenye kanga. Angesema nini? Mwenyekiti alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, akakohoa na kugeukia msitu kama mtu anayehesabu ndege. Tukasimama hivyo, watu wazima, kila mmoja anajua na hakuna mwenye mdomo. Huko kwetu mkwe haumbuliwi. Na mgeni alikuwa njiani.

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono katikati ya magoti. Nilimwona mdogo siku hiyo.

Fundi akalizunguka gunzi. Akainama, akalitazama kwa upande huu, akalitazama kwa upande ule. Kisha akajishika kiuno.

"Jamani," akasema, "nani kamvisha mwanangu winda?"

Mwenyekiti akazidi kuhesabu ndege.

"Nauliza. Nimemwacha mwanangu hapa anacheza uchi, mzima, anakojoa vizuri. Leo namkuta kavalishwa winda la zambarau, tena limekazwa kwa gunzi! Mtoto asipokojoa anakuwaje?"

Wifi alicheka kwa pua, akajiziba.

"Anavimba," mama mkwe akasema kutoka kwenye jiwe. Sauti ilikuwa chini.

"Anavimba nini? Huyu hata kuvimba hakuvimba, amelala tu. Nyani bibi, wewe umezaa, umelea. Hebu niambie, mwenye kumfunga alifikiri nini?"

"Mwenye kumfunga," mama mkwe akasema pole pole, "aliona maji yanamwagika. Usiku na mchana, yanamwagika. Akasema, yale tisa nikiyazuia yasitoke huku, yatakosa njia, yatapanda yote. Tangi litajaa kabla mgeni hajafika." Akainua kichwa. "Ni mimi, mbu wee. Unajua ni mimi. Acha kuzunguka kama fisi."

"Aa!" fundi akapiga makofi. "Nilidhani ni mchawi. Kumbe ni uchoyo wa watu wa mlimani!"

Tukacheka wote, na mama mkwe mwenyewe akacheka, machozi yanamtoka, sijui ya kicheko au ya nini. Mwenyekiti akageuka kutoka kwa ndege zake. Ilikuwa kama mtu amefungua mlango wa chumba chenye moshi. Mtani alikuwa amelisema, kwa hiyo lilikuwa halijasemwa na mtu wa nyumba.

Hapo fundi akachuchumaa mbele yake, sasa bila mzaha. "Sikiliza mtani wangu. Ukiyazuia yasitoke, yanasimama. Yakisimama hayana kipigo. Bomba limejaa maji toka kisandukuni mpaka hapa, yamelala kimya, na yaliyolala yanapanda mpaka usawa wa kisanduku tu, hayavuki hata kwa shilingi. Yale tisa hayapotei. Yanaanguka ili moja lipande. Yale tisa ndiyo wabebaji wa debe."

Mama mkwe akafikiri. "Kama wanawake," akasema. "Tisa wanasukuma, mmoja anafika."

"Sasa umeelewa kuliko walionifundisha mimi."

"Ungeniambia hivyo tangu mwanzo nisingefunga. Wewe uliniambia habari za kitundu cha sindano tu."

"Kosa langu hilo," akasema fundi. "Sikujua kuna binadamu anayeweza kuyahurumia maji."

Fundi akalitoa gunzi. Mfuniko ukabaki juu bado, kwa sababu maji yaliyojaa bombani yalikuwa yanaubana kutoka chini. Fundi akamwambia mama mkwe, "Njoo umkande mwenyewe." Akaweka kiganja chake, kile kiganja kigumu cha jembe, akakandamiza. Maji yakafumka, yakamlowesha mpaka kifuani, mfuniko ukaruka juu, ko! Akatoa yowe la woga. "Tena!" Akakandamiza. Ko! Safari hii haikuchukua muda, kwa sababu bomba la kupanda lilikuwa bado limejaa. Ile valvu ya ndani ilikuwa imeyashika maji yasirudi. Akatoa mkono. Ko. Ko. Ko. Ikafufuka. Yeye amelowa chepechepe, maji ya thamani yanatiririka miguuni pake kwenda mtoni, na safari hii hakuyatazama.

Juu kulisikika watu wakiimba. Katibu Tarafa alikuwa ameshafika.

Tulimkuta amesimama kwenye tangi, ameshika koki. Matone. Mwenyekiti akaanza maelezo marefu, fundi naye akadakia, wakawa wanazungumza wawili kwa pamoja. Katibu Tarafa akainua mkono.

"Ndugu mwenyekiti, nilisema nataka kuona maji."

Mama mkwe akapita mbele, nguo zinamdondoka maji. "Shikamoo," hakusema, maana yeye ndiye mkubwa, alisubiri. Katibu Tarafa akatambua, akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hayo matone ni kosa langu, niliiziba pampu. Sasa nimeizibua. Panda hapo juu ya jiwe utazame ndani ya tangi."

Kijana yule wa serikali akapanda, akachungulia. Kidole cha maji kilikuwa kimerudi, kinaimba ndani ya tangi tupu.

"Mama," akasema kwa upole, "hiki kidole ndicho kitakachonywesha kijiji?"

"Baba, wewe unalala?"

"Nalala."

"Mimi nalala. Debe linalala. Hicho kidole hakilali. Hakinywi mafuta, hakiombi mshahara, hakiendi arusini. Kaa ule wali, kisha uje utazame tena."

Akakaa. Alikula wali na maharage, akakagua darasa, akatembezwa shamba la pamoja mpaka alasiri. Kisha akasema ashuke aone hiyo pampu. Alikaa pale korongoni muda mrefu, ameweka kiganja juu ya ile chupa ya chuma, anahisi inavyopiga. Mama mkwe akamweleza habari ya tisa na moja kama mtu aliyeizaa. Walipopanda, Katibu Tarafa akafungua koki. Maji yakatoka, siyo mengi, lakini yalitoka na hayakukatika. Akanawa uso, akajipangusa kwa leso.

"Hapa mtabaki," akasema. "Lakini koki hii iwe na mlinzi, na atakayegusa valvu bila ruhusa apigwe faini."

"Mlinzi ni mimi," akasema mama mkwe. "Na faini nimeshalipa, tazama nilivyolowa."

Hakuna lori lililokuja. Kesho yake asubuhi nilimwona nyuma ya nyumba, kwenye migomba, anapalilia makaburini kama kawaida. Alikuwa anaongea peke yake. Sikusogea kusikiliza. Pampu ilikuwa inapiga kule chini, naye jembe lake, sijui kama alijua, lilikuwa linakwenda nayo.

Aliilinda mpaka miguu ilipomkatalia. Watoto waliposhuka korongoni aliwaruhusu kuoga kwenye yale maji yanayomwagika, ila akiona mtu anainama karibu na valvu alirusha jiwe, na alikuwa na shabaha.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka mimi. Wifi yangu, ambaye bado yuko hai na masikio yake ni mazuri kuliko yangu, anasema gunzi halikutolewa na fundi, lilitolewa na kaka yake. Pia anasema utepe ulikuwa wa bluu. Kwenye utepe sikubali, nilifua mimi. Kwenye gunzi sina hakika. Kama yupo mwingine aliyekuwepo pale juu siku ile, au aliyesimuliwa na mzazi wake, na anaona nimepotoka mahali, aniambie nirekebishe wakati bado ninaweza kushika kalamu. Nami nitamtajia jina la baba yake na la babu yake, ajue kwamba sikusahau.